Nani Abebe Mkopo Usiorudi? Mjadala Juu ya Kazi ya Afisa Mikopo

Kijana mmoja wa Morogoro, aliyesomea huduma ndogo za fedha katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ameitwa kazini na taasisi ya mikopo. Barua aliyopewa ina ukurasa mmoja. Mshahara ni Sh 550,000 kwa mwezi, pikipiki anapewa, na akifikisha malengo anaongezewa bonasi ya Sh 150,000. Atakabidhiwa wateja 210 wa afisa aliyeondoka, ambao mikopo yao iliyo nje inafika Sh 100,000,000. Kila mwezi atoe mikopo mipya ya Sh 30,000,000, na PAR yake isivuke asilimia 5. Mstari wa mwisho, kabla ya nafasi ya saini, unasema mfanyakazi atawajibika kwa hasara itakayotokana na mikopo anayoisimamia.

Aliniuliza kama asaini. Nikaona swali hilo halimhusu yeye peke yake, maana vijana wengi wanaohitimu leo mlango wa kwanza unaowafungukia ni huu. Nikawakutanisha naye watu wanne: meneja wa tawi aliyestaafu, dada aliyekuwa afisa mikopo katika taasisi mbili, wakili wa mambo ya kazi, na mama lishe wa soko la Mawenzi ambaye ni mkopaji wa muda mrefu. Majina yao nimeyaacha, na majina ya waajiri pia.

KIJANA: Mimi kwa kweli sioni kikwazo. Nimeonyeshwa ripoti, PAR ya sasa ni asilimia 4. Kwa mikopo ya milioni 100, maana yake waliochelewa wanadaiwa milioni 4. Nikiwafuata miezi miwili mitatu nikazikusanya, nimemaliza deni la mtu aliyenitangulia, naanza ukurasa wangu.

DADA AFISA: Mdogo wangu, hapo umeteleza mara mbili. Tuanze na hizo milioni 4. Chukua mteja aliyekopa 1,200,000 kwa miezi sita, analipa 240,000 kila mwezi, mtaji na riba. Kalipa mara mbili, ya tatu kakosa. Siku ya 31 ya kuchelewa ikifika, kinachoingia kwenye PAR si zile 240,000 alizokosa. Unaingia mtaji wote uliobaki kwake, 800,000. Na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mtu aliyeshindwa rejesho moja kwa zaidi ya mwezi, yale mengine unajuaje kama atayaweza? Kwa hiyo milioni 4 zako huenda ni watu watano tu. Uliza ni akina nani, na wako wapi. Wakati mwingine wawili wameshahama mji.

KIJANA: Sawa, ni watu watano. Si ndiyo nafuu zaidi?

DADA AFISA: Ndipo unapokuja mtelezo wa pili. Hiyo asilimia 4 ni milioni 4 kugawanywa kwa milioni 100. Sasa jiulize, ndani ya hizo milioni 100, ngapi zinaweza kuwa mbovu hata kama zingetaka? Wateja wako wanalipa kwa mwezi. Mkopo uliotolewa leo, rejesho la kwanza ni baada ya siku 30. Ili uonekane kwenye PAR lazima rejesho hilo licheleweshwe siku nyingine zaidi ya 30. Mkopo ambao haujafikisha siku 60 haumo kwenye PAR, hata kama mteja alipokea pesa akapanda basi usiku uleule.

Mwenzako aliyeondoka alikuwa anatoa milioni 30 kwa mwezi. Mikopo ya mwezi uliopita ipo yote, 30. Ya mwezi uliotangulia imelipwa rejesho moja, imebaki kama 25. Jumla 55. Hizo ni changa, hazijapimwa. Zilizopimwa ni 45. Milioni 4 juu ya 45 ni karibu asilimia 9. Hicho ndicho unachokabidhiwa.

Nilimwona kijana akichukua kalamu na kuandika upya hesabu pembeni ya barua yake. Meneja alikuwa ametulia muda wote huo, na alipoingia alianza kwa kumtetea mwajiri.

MENEJA: Dada anasema kweli, lakini anakutisha kupita kiasi. Kila tawi lina mikopo michanga, ndiyo biashara yenyewe. Ukisubiri mikopo ikomae ndipo utoe mingine, utafunga ofisi. Wateja wanaomaliza wanataka kurudia, na taasisi inalipa mishahara kutokana na riba. Nikuulize, dada, wewe ukiwa meneja ungemwambia afisa asitoe mikopo?

DADA AFISA: Hapana, Mzee. Ningemwambia ukweli kwamba yale malengo mawili yako yanadanganyana. Mtu akisoma barua ya huyu mdogo wangu anadhani lengo la kutoa mikopo linampeleka huku na lengo la PAR linamvuta kule, kwa hiyo yatasawazishana. Kwa miezi ya mwanzo yanakwenda njia moja. Akitoa sana, mikopo iliyo nje inakuwa mingi, asilimia inashuka, meneja anampongeza. Siku akiwa mwangalifu, akasimamisha kutoa kwa miezi miwili ili afuatilie walio nje, wazuri wanaendelea kulipa, na ile milioni 100 inateremka hadi kama 50. Wale watano wabaya hawajaongezeka hata mmoja, lakini 4 juu ya 50 ni asilimia 8. Ameshavuka lengo na bonasi imekwenda, na kosa lake ni kuwa mwangalifu. Mwezi unaofuata atafanya nini? Atatoa tu, kwa yeyote.

Hapa nitie neno langu, kwa sababu naona ndipo ulipo mzizi. Mtu akitathmini kazi ya afisa mikopo kwa kutazama kama PAR ni ndogo au kubwa, ametazama kivuli. PAR ya leo inaeleza maamuzi ya miezi mitatu, minne iliyopita, na mara nyingi ni maamuzi ya mtu mwingine. Ndiyo maana afisa anayekimbiza malengo anaweza kupandishwa cheo au kuhamia taasisi nyingine akiwa na sifa nzuri, na anayemrithi akaonekana mzembe ndani ya robo mwaka. Mtu mwaminifu anafukuzwa kwa mikopo ambayo hakuwahi kuona hata mlango wa biashara yake.

MAMA LISHE: Sasa nyie mnaongea asilimia, mimi naomba mniambie kuhusu langu. Nimebadilishiwa maafisa watatu. Wa pili nilikuwa nampa rejesho mkononi, kila Jumatano, 60,000, anakuja hapa jikoni anasaini kwenye kadi. Akaondoka. Wa tatu akaja na orodha anasema nimechelewa wiki tano. Nikamwonyesha kadi, saini zipo. Akasema kwenye kompyuta hazipo. Mnataka mimi nilipe mara mbili? Nani atanirudishia?

MENEJA: Mama, hilo ni suala la yule aliyekula pesa. Hapa tunazungumzia ajira ya huyu kijana.

DADA AFISA: Mzee, kwa heshima yako, hilo ndilo lenyewe. Wiki tano kama hizo za mama huenda zimo kwenye orodha ambayo kijana atakabidhiwa. Kwenye kompyuta mama ni mdaiwa sugu. Ukweli ni kwamba mama amelipa na mtumishi ameiba. Kijana akisaini kupokea bila kupita kwa wateja, wizi wa namna hiyo unakuwa wake kuueleza.

MAMA LISHE: Na mimi nataka aje. Aje na kitabu chake tukae, tulinganishe. Yule wa tatu alikuja na watu wawili wakasimama mlangoni wateja wangu wanakula. Niliona aibu. Baadaye akaniambia mwenyewe, "Mama nisamehe, usipolipa wewe nakatwa mimi."

Sentensi hiyo ya mwisho iligeuza mazungumzo. Kuna watu wanaodhani kumkata afisa mshahara ni jambo la ndani kati yake na mwajiri, halimgusi mkopaji. Mama huyu ameliona likifika jikoni kwake. Afisa anayejua kwamba rejesho lililokosekana litatoka kwenye kodi ya nyumba yake hana nafasi ya kusikiliza kwamba mtoto alilazwa au soko lilifungwa siku mbili. Anazuia kikao cha kikundi kisifungwe mpaka pesa itimie. Anakwenda nyumbani kwa mtu saa tatu usiku.

MENEJA: Mimi nitasema wazi, nilikata. Na sijutii yote. Bila afisa kuumia kidogo, anaandika fomu mezani. Biashara hajaiona, mdhamini hajamtembelea, anapiga picha duka la jirani. Nilikuwa na tawi lenye PAR ya asilimia 11. Nilipotangaza kwamba kila mwenye mkopo uliovuka siku 30 anachangia, ndani ya miezi mitatu ikashuka hadi 4. Hizo si hadithi, niliziona.

DADA AFISA: Ulitazama malipo yalitoka kwenye simu za nani?

MENEJA: Una maana gani?

DADA AFISA: Tulikuwa tunawalipia, Mzee. Rudi kwa yule mteja wa 240,000. Ikibaki siku moja kabla hajavuka siku 30, nikimtolea rejesho hilo moja kutoka mfukoni mwangu, nimezuia 800,000 isiingie kwenye PAR. Bonasi ni 150,000, na kukatwa kunaweza kuzidi hapo. Ukiwa na wateja wawili wa namna hiyo unakopa kwa wenzako, unakopa hata kwa wakopeshaji wa mtaani, unalipa. Mwezi ujao anakosa tena, unalipa tena. Mteja mwenyewe hajui. Tawi linaonekana safi na maafisa wanazama. Kuna mwenzangu aliishia kuandika mkopo kwa jina la shangazi yake ili azibe mashimo. Hakuwa mwizi alipoanza kazi.

Ukitaka kujua kama ofisi iko hivyo, chukua orodha ya malipo ya siku tatu za mwisho wa mwezi. Tazama namba za simu. Ukikuta namba moja imelipia wateja wanne wasiojuana, umeshapata jibu. Kingine, wateja wanaolipa siku ya 28, ya 29 au ya 30 ya kuchelewa, kila mwezi, hawapungui wala hawaongezeki. Mteja wa kweli hahesabu siku hivyo. Anayezihesabu ni afisa.

Meneja alikaa kimya kidogo, kisha akasema namba za simu hakuwahi kuzitazama, ila bado anaamini baadhi ya maafisa wake walirudi kutembelea biashara baada ya tangazo lile. Sina sababu ya kumkatalia. Hofu inaweza kumtoa mtu ofisini. Ninachokataa ni kuiita kipimo, kwa sababu asilimia 4 yake ilichanganya mikopo iliyolipwa na wakopaji na mikopo iliyolipwa na watumishi, na hakuwa na njia ya kuitenganisha.

WAKILI: Mmezungumza kama vile kukata ni hiari ya meneja. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kimeweka mipaka. Mwajiri akitaka kukata mshahara kufidia hasara, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, na hata hapo hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Aandikiwe chanzo, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kupinga. Kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa kijana huyu robo ni Sh 137,500.

KIJANA: Kwa hiyo ule mstari wa mwisho wa barua ni batili? Basi naweza kusaini tu, hauna nguvu.

WAKILI: Usikimbilie hapo. Watakuambia saini hiyo ndiyo kukubali kwako. Mimi nitasema kukubali kwa jumla, kabla hasara haijajulikana, hakuondoi masharti mengine. Bado wanatakiwa waonyeshe kosa lako. Mteja kushindwa kulipa kwa sababu mafuriko yameondoka na mchele wake si kosa lako. Kutoandika ukweli kwenye fomu, au kupokea pesa usiingize, ni kosa. Lakini hoja hiyo utaitoa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukiwa umeshakatwa, na muda unakubana: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi wanakuja kwangu baada ya miezi sita.

KIJANA: Na vyeti? Wamesema nipeleke vyeti halisi, watakaa navyo.

WAKILI: Wape nakala zilizothibitishwa. Halisi waonyeshe tu, urudi navyo. Mwajiri anayeshika vyeti vyako anataka usiweze kuondoka siku mkigombana juu ya deni.

MENEJA: Tunashika kwa sababu wanatoroka na pesa!

WAKILI: Kwa anayetoroka na pesa kuna polisi na kuna wadhamini wa ajira, Mzee. Cheti cha mtu si amana.

Sauti zilipanda kidogo hapa, na mama lishe akauliza kama wadhamini wa mfanyakazi nao huweka dhamana televisheni na friji kama wadhamini wake yeye. Wakili alimjibu kwamba inategemea mkataba waliosaini. Nadhani swali lake lilistahili muda zaidi ya tuliompa.

Jambo ambalo hatukulimaliza ni la nani anaamua. Dada alieleza mkopo mmoja kwa urefu. Mteja alikuwa na duka la vipodozi. Dada alilihesabu mwenyewe akiwa amekaa nalo asubuhi nzima, akaona mauzo yanabeba mkopo wa 500,000. Akaandika hivyo kwenye fomu. Ilikuwa tarehe 29 na tawi lilikuwa bado halijafikia lengo la mwezi. Kamati ya mikopo, ambayo mwenyekiti wake ni meneja, ikapitisha 1,500,000. Mteja aliweka sehemu kwenye bidhaa, sehemu akamalizia kujengea chumba. Rejesho la tatu likasimama. Aliyekatwa ni afisa. Wajumbe wa kamati hawakuguswa, na fomu yenye maandishi yake ya 500,000 haikuonekana tena kwenye faili.

DADA AFISA: Mimi nasema, mwenye kubeba hasara awe na uwezo wa kukataa. Mapendekezo yangu yakizidishwa, jina la aliyezidisha liandikwe, na mkopo uhesabiwe kwake.

MENEJA: Ukimpa afisa uwezo wa kukataa, ataanza kuuuza. Mteja atatakiwa kutoa chai ndipo aandikiwe vizuri. Nimeshaona.

DADA AFISA: Na kamati haiuzwi?

MENEJA: Inauzwa pia. Ila inauzwa kwa shida zaidi.

MAMA LISHE: Mimi hamjaniuliza. Yule wa kwanza alinikatalia. Niliomba laki nane akaniandikia nne. Nilimchukia mwezi mzima. Nikalipa nne, nikapata sita, nikalipa. Nilianguka na huyu wa pili aliyenipa milioni bila kuuliza.

Sikubaliani na meneja kwamba hatari ya hongo inatosha kumnyima afisa sauti. Lakini nakiri hakuna kati yetu aliyekuwa na dawa kamili ya hongo, na taasisi inayosema inayo ningependa kuona faili zake. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba pale ambapo anayeamua ni mmoja na anayelipa ni mwingine, kiwango cha PAR hakikuelezi chochote juu ya ubora wa afisa, na mshahara ulioandikwa kwenye barua si mshahara atakaopokea.

Kabla ya kuachana, dada alimwagiza kijana jinsi ya kupokea wateja endapo ataamua kuingia. Aombe orodha ya mikopo yote ikionyesha tarehe ya kutolewa na siku za kuchelewa, si asilimia peke yake. Atazame hasa waliochelewa siku moja hadi 30, kwa sababu ndio PAR ya mwezi ujao. Apite na mtu wa ofisi kwa wateja wote waliochelewa na kwa wenye madeni makubwa, alinganishe kadi na kompyuta mbele ya mteja, na kila tofauti iandikwe na kusainiwa na pande zote. Mikopo hiyo ihesabiwe peke yake, mbali na ile atakayoitoa mwenyewe. Mikopo ya kwake asipokee pesa mkononi, mteja alipe kwenye namba ya taasisi. Wakili akaongeza kwamba kwanza kabisa ahakikishe taasisi ina leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, jambo ambalo kijana hakuwa amelifikiria.

Ameandika barua kuomba vitu viwili: orodha hiyo kamili, na mstari wa mwisho urekebishwe useme kwamba atawajibika kwa hasara iliyothibitishwa kuwa ni kosa lake, kwenye mikopo aliyoipendekeza mwenyewe. Nimemwambia, na nawaambia wenzake wote wenye barua ya namna hii mfukoni, kwamba taasisi inayomwamini mtu kwa milioni 100 haishindwi kumpa orodha ya milioni 100. Wasipompa, asisaini.